Kuutuliza ukurasa wa YouTube: skripti ndogo kwa kompyuta ya nyumbani

Kompyuta ya nyumbani kwetu imewekwa sebuleni, juu ya meza inayotazamana na mlango, na kila jioni baina ya Magharibi na Isha watoto huifungua kusikiliza somo la tajwidi. Somo lenyewe halizidi dakika ishirini. Lipo YouTube, katika orodha ya masomo iliyopangwa moja baada ya jingine, na mwalimu wake ni mtu wa subira anayerudia kila herufi mpaka mtoto aipate. Usiku mmoja tuliporejea kutoka kuswali Isha, tukawakuta watoto wote watatu wameizunguka skrini, kimya kabisa, wakimtazama mtu anayechimba bwawa la kuogelea porini kwa mikono yake. Tulipouliza limetokeaje hilo, binti yetu mkubwa alijibu bila ya kujitetea: "Baba, somo tulilimaliza, kisha tukaona picha ile pembeni."

Hatukuwa na la kumkemea, maana picha ile pembeni imetuteka na sisi pia. Mara ngapi mtu mzima hufungua ukurasa ule kusikiliza khutba moja, akaja kuinua kichwa baada ya saa nzima akiwa kwenye jambo lisilohusiana kabisa na alilolikusudia? Basi tukaamua kulitafutia dawa suala hili, si kwa kuifunga YouTube, kwa sababu masomo yenyewe tunayahitaji, bali kwa kukificha kila kisichokuwa somo. Yafuatayo ni maelezo ya tulivyofanya, pamoja na makosa tuliyoyafanya njiani, kwa ajili ya mzazi mwenye kompyuta na nusu siku ya nafasi.

Kwanza tuutazame ukurasa wenyewe. Mtu anapofungua video YouTube kwa kompyuta, video hukaa kushoto na upande wa kulia husimama safu ndefu ya video nyingine zinazopendekezwa. Chini ya video kuna maoni ya watazamaji. Video ikimalizika, mapendekezo mengine hujipanga ndani ya kioo kile kile cha video. Ukienda ukurasa wa mwanzo, hakuna chochote isipokuwa mapendekezo tupu, juu hadi chini. Na humo humo zimechomekwa rafu za Shorts, yaani video fupi fupi za kusogeza kwa kidole. Katika vyote hivyo, tunavyovihitaji ni viwili tu: video yenyewe, na orodha ya masomo inayotuonyesha la leo na la kesho.

Kinachowezekana ni hiki. Ukurasa wa mtandao unapofika katika kompyuta yako, kivinjari ndicho kinachouchora, na kivinjari ni chako. Unaweza kukipa maelekezo ya ziada: ukiuchora ukurasa huu, sehemu hii na ile usizionyeshe. Maelekezo hayo yakiandikwa katika faili dogo linalofanya kazi lenyewe kila ukurasa ufunguliwapo, huitwa skripti ya mtumiaji. Si jambo jipya. Aaron Boodman alianzisha Greasemonkey, kiendelezi cha kivinjari cha Firefox kilichoieneza kazi hii, mwaka 2004. Siku hizi vinavyotumika zaidi ni Tampermonkey na Violentmonkey. Sisi tulitumia Tampermonkey katika Chrome, na skripti tutakayoionyesha hufanya kazi katika vyote viwili.

Atakayeuliza kwa nini tusichukue kiendelezi kilichokwisha kutengenezwa na watu wengine kwa kazi hii hii, tunamjibu kwamba vipo, na vingine ni vizuri. Lakini kiendelezi cha namna hiyo hupewa ruhusa ya kuusoma na kuubadilisha ukurasa unaoutazama, na aghalabu hatujui kilichomo ndani yake. Skripti yetu haifiki mistari ishirini na tano. Mtu anaweza kuisoma yote kwa dakika mbili na akajua kila neno linafanya nini. Tampermonkey yenyewe nayo huomba ruhusa kubwa, kwa hiyo ichukuliwe katika duka rasmi la viendelezi vya kivinjari chako, wala si kwingineko, na zisiingizwe humo skripti za watu ambazo hukuzisoma.

Baada ya kukiweka kiendelezi, wengi hukwama hapa hapa bila ya kujua sababu. Chrome haikiruhusu kiendelezi kuendesha skripti za mtumiaji mpaka mwenye kompyuta aridhie kwa mkono wake. Fungua `chrome://extensions`, bonyeza `Details` chini ya Tampermonkey, kisha washa `Allow User Scripts`. Katika Chrome za zamani kidogo kibonyezo hicho hakipo, na badala yake huwashwa `Developer mode` iliyo juu kulia katika ukurasa huo huo. Asiyefanya hivi ataandika skripti sahihi kabisa na haitatenda lolote, wala hataona onyo la maana. Dalili ya kwamba mambo yako sawa ni kwamba ukifungua YouTube baada ya kuandika skripti, alama ya Tampermonkey juu ya kivinjari huonyesha tarakimu, yaani idadi ya skripti zinazofanya kazi katika ukurasa huo.

Sasa ikaja kazi ya kujua majina. Kila sehemu ya ukurasa ina jina lake ndani ya msimbo, na bila ya jina hilo huwezi kukiambia kivinjari ufiche nini. Tulibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mojawapo ya video za pembeni, tukachagua `Inspect`. Pakafunguka dirisha lenye msimbo wa ukurasa, umepangwa kama mti, tawi ndani ya tawi. Ukipitisha kipanya juu ya mstari wowote wa mti huo, sehemu inayohusika hupakwa rangi katika ukurasa. Mstari tuliouangukia ulipaka rangi video moja tu. Tukapanda tawi moja juu, kisha jingine, mpaka ikapakwa rangi safu nzima ya mapendekezo na si zaidi. Mstari ule ulikuwa na `id="related"`. Katika lugha ya mitindo ya kurasa, kitu chenye kitambulisho huandikwa kwa alama ya reli, kwa hiyo jina tulilolitaka ni `#related`.

Kwa njia hiyo hiyo tukayapata mengine. Maoni ya watazamaji yamo ndani ya `ytd-comments`. Rafu ya Shorts huitwa `ytd-reel-shelf-renderer`. Haya hayana alama ya reli wala nukta kwa sababu ni majina ya vipengele vyenyewe, na ukiona neno linaloanza na `ytd-` jua kwamba YouTube wamelibuni wao kwa ajili ya ukurasa wa kompyuta. Ukitaka kuhakikisha kwamba jina ulilolipata ni sahihi kabla ya kulitumia, fungua `Console` katika dirisha lile lile na uandike:

```js
document.querySelectorAll('#related').length
```

Jibu likiwa 1, kitu kipo na ni kimoja. Likiwa 0, ama umekosea herufi, ama kitu hicho hakijafika bado. Likiwa kubwa kuliko ulivyotarajia, jina hilo linashika zaidi ya unachokitaka, na itabidi ulibane.

Tulipokuwa na jina la kwanza mkononi, tuliandika kile ambacho karibu kila anayeanza hukiandika:

```js
document.querySelector('#related').remove();
```

Maana yake: kitafute kitu kiitwacho `related`, kiondoe. Sentensi ni fasaha, na haikufanya kazi. Safu ya pembeni ilibaki pale pale, na katika `Console` kukatokea maandishi mekundu: `Cannot read properties of null (reading 'remove')`. Neno `null` ndilo linalotoa siri. Skripti ilikwenda kutafuta safu ile ikakuta hakuna kitu, kwa sababu YouTube haileti ukurasa mzima kwa pamoja. Kwanza huja gamba, kisha vipande vyake huongezwa kimoja kimoja. Skripti yetu ilifika mapema kuliko mgeni iliyetumwa kumzuia.

Tukajaribu kuichelewesha kwa sekunde tatu. Ikafanya kazi, lakini watoto walikuwa na sekunde tatu za kuchagua, nazo ziliwatosha. Kubaya zaidi, zipo sehemu ambazo ucheleweshaji hauzifikii. Ukitoka ukurasa wa mwanzo ukabonyeza video, YouTube haifungui ukurasa mpya kwa maana ya kawaida. Anwani iliyo juu hubadilika, lakini ukurasa ni ule ule, na vilivyomo ndani ndivyo vinavyobadilishwa. Skripti iliyokwisha kutenda mara moja haianzi tena. Kwa hiyo amri ya kuondoa hutegemea bahati: leo imewahi, kesho imechelewa.

Dawa ni kuacha kutoa amri na kuweka kanuni badala yake. Amri hutendwa mara moja ikaisha. Kanuni ya mtindo, ile inayokiambia kivinjari vitu vya jina fulani visionyeshwe, hukaa ndani ya ukurasa muda wote uliopo. Kitu kikija mapema hukutana nayo, kikija baada ya dakika kumi hukutana nayo, na hakuna haja ya kukisubiri wala kukitafuta. Hii ndiyo skripti yetu ilivyo hivi sasa:

```js
// ==UserScript==
// @name      YouTube tulivu
// @namespace nyumbani
// @version   1
// @match     https://www.youtube.com/*
// @run-at    document-start
// @grant     GM_addStyle
// ==/UserScript==

GM_addStyle(`
  #related,
  ytd-comments,
  ytd-reel-shelf-renderer,
  a[title="Shorts"],
  .ytp-endscreen-content,
  .ytp-ce-element,
  ytd-browse[page-subtype="home"] ytd-rich-grid-renderer {
    display: none !important;
  }
`);
```

Kuiweka ni rahisi. Bonyeza alama ya Tampermonkey, chagua `Create a new script`, futa kilichomo, bandika haya, kisha bonyeza `Ctrl` na `S` kwa pamoja. Fungua YouTube upya uone.

Mistari ya juu yenye mikwaju miwili ni kichwa cha skripti, na Tampermonkey huisoma kabla ya kufanya lolote. Mstari wa `@match` huifungia skripti katika anwani moja. Nyota ya mwishoni ina maana ya ukurasa wowote ndani ya tovuti hiyo. Skripti haiwezi kutoka humo kwenda kwenye barua zako wala benki yako, na huo ndio mstari wa kwanza wa kuutazama mtu anapokupa skripti yake. Mstari wa `@run-at` unasema ianze tangu ukurasa unapoanza kuja, ili macho yasione kitu kikitokea na kutoweka. Na `@grant` inaomba ruhusa ya kutumia `GM_addStyle`, ambayo kazi yake ni kuiweka kanuni yetu ndani ya ukurasa.

Chini yake ni orodha ya majina, na maneno `display: none` ndiyo yanayoficha. Neno `!important` linaipa kanuni yetu nguvu juu ya kanuni za tovuti yenyewe, pale zinapopingana. Alama ile inayofungua na kufunga orodha si ya nukuu ya kawaida. Katika kibodi nyingi ipo juu ya kitufe cha `Tab`, kushoto kabisa. Mwenzetu mmoja aliyeinakili skripti hii kwa mkono aliandika nukuu moja ya kawaida, na skripti nzima ikakataa, kwa kuwa nukuu ya kawaida haikubali maandishi yanayovuka mstari.

Hatukuifikia orodha hii kwa siku moja. Toleo letu la kwanza lilikuwa na `#secondary` mahali pa `#related`. Tulipopanda ule mti wa msimbo tulipanda zaidi ya haja, tukaona safu yote ya kulia imepakwa rangi, tukaridhika. Kesho yake jioni binti yetu akaja jikoni: "Baba, masomo yamepotea." Kweli yalikuwa yamepotea. Orodha ya masomo, ambayo mtoto hutumia kujua amefika la ngapi, hukaa katika safu ile ile ya kulia, juu ya mapendekezo. Vyote viwili vimo ndani ya `#secondary`. Tulipoficha nyumba tulificha na wakazi wote. Tuliposhuka mpaka `#related`, orodha ikarudi na mapendekezo yakabaki yamefichwa. Tangu hapo, kabla ya kulitia jina jipya katika orodha, huwa tunalifungua tawi lake katika `Inspect` na kuangalia ndani kuna nini kingine.

Kosa la pili lilifanana nalo lakini lilitoka upande mwingine. Mapendekezo ya ukurasa wa mwanzo yamo ndani ya `ytd-rich-grid-renderer`, na tuliliandika jina hilo peke yake. Ukurasa wa mwanzo ukawa mweupe, tukafurahi. Siku mbili baadaye tulikwenda katika ukurasa wa usajili, zinapokaa video mpya za walimu tunaowafuata, tukakuta nao ni mweupe. YouTube hutumia kipengele cha aina moja katika kurasa zote mbili. Hapo `#related` haikuwa na la kutusaidia. Ilibidi kulibana jina kwa kutaja limo ndani ya nini. Kurasa hizo hutofautishwa na alama iitwayo `page-subtype`: ya mwanzo imeandikwa `home`, ya usajili `subscriptions`. Basi mstari wa mwisho wa orodha yetu, ule mrefu, unasema hivi: kifiche kile kipengele endapo tu kimo ndani ya ukurasa ulioandikwa `home`. Ukurasa wa usajili ukarejea kama ulivyokuwa, na sasa ndio mlango wetu wa kuingilia YouTube.

La tatu tulilifanya wakati tunajua kazi, nalo lilitusumbua kuliko yote. Tulikuwa tunapanga mistari vizuri, tukaufuta mkato mmoja, ule unaofuata `#related`. Tulipofungua ukurasa, mapendekezo yalikuwa yamerudi, na maoni ya watazamaji nayo yamerudi, ilhali Shorts na vingine vyote vimefichwa kama kawaida. Tulikaa nusu saa tukidhani YouTube wamebadilisha majina. Kumbe bila ya mkato, kivinjari huyasoma majina mawili yanayofuatana kama jina moja: maoni yaliyomo ndani ya mapendekezo. Kitu cha namna hiyo hakipo, kwa hiyo hakuna kilichofichwa. Binti yetu ndiye aliyeuona mkato. Tangu hapo tumejifunza kusoma dalili: yakirudi mambo mawili yanayofuatana katika orodha, tafuta mkato uliopungua baina yao. Vikirudi vyote kwa pamoja, tazama mwisho wa orodha, maana mkato uliozidi kabla ya mabano huibatilisha kanuni nzima. Kikirudi kimoja tu, hapo ndipo jina lake huenda limebadilika.

Kuhusu maoni ya watazamaji palikuwa na mjadala nyumbani. Mama watoto aliona yaachwe, kwa sababu mwalimu wa fiqhi anayemfuata huyajibu humo maswali ya wanafunzi, na baadhi ya majibu hayapatikani ndani ya darsa lenyewe. Sisi tulitaka yafichwe kwa ajili ya watoto. Suluhu ilikuwa kila mtu kuwa na wasifu wake katika Chrome, kwani viendelezi na skripti za wasifu mmoja haziingii katika wasifu mwingine. Katika wake tuliufuta mstari wa `ytd-comments`. Jambo kama hilo lipo pia katika `.ytp-ce-element`, yaani vile vibandiko vinavyoelea juu ya video sekunde za mwisho. Wakati mwingine ni mwalimu mwenyewe aliyeweka hapo kiungo cha somo linalofuata. Kwetu hakuna hasara, kwa kuwa tunafuata orodha, lakini anayefuata viungo vile auondoe mstari huo.

Neno moja kuhusu `a[title="Shorts"]`, ambalo ni kiungo cha Shorts katika menyu ya kushoto. Limeshikwa kwa maandishi yanayosomeka juu yake. Aliyeiweka YouTube yake katika lugha nyingine atazame kwanza kwa `Inspect` neno gani limeandikwa katika `title`, kisha aliweke hilo badala ya hili, herufi kwa herufi.

Sasa tuseme isichokifanya skripti hii, maana mzazi anaweza kuibebesha mzigo usio wake. Kuficha si kuzuia. YouTube bado inayaleta mapendekezo mpaka katika kompyuta, ila hayachorwi, kwa hiyo isitegemewe kupunguza bando. Vilevile haizimi uchezaji wa kujiendeleza: video ikimalizika, nyingine inaweza kuanza yenyewe hata kama safu ya pembeni haionekani, na hilo lazima lizimwe kwa swichi yake iliyo chini ya kioo cha video. Sisi tulilisahau, na jioni ya kwanza baada ya kazi yote ile somo lilimalizika likafuatiwa na nasheed ambayo hakuna aliyeichagua. Hakuna mtoto aliyelalamika.

Wala skripti haichuji yaliyomo. Mtoto akiandika neno katika kisanduku cha kutafutia, atapata majibu kama mtu mwingine yeyote. Na mtoto wa miaka kumi na miwili anayejua Tampermonkey ilipo ataizima kwa kubonyeza mara mbili. Kwa hiyo asiyekuwa na haja ya wepesi bali ya kufuli, atafute kitu kingine. Yetu ni sawa na kuiondoa sahani ya halua mezani wakati wa kusoma. Sahani ipo kabatini, na anayeitaka sana anajua njia ya kabatini, lakini haipo mbele ya macho yake. Tumeona kwamba kwa watoto wetu, na kwa baba yao, kilichokuwa kinawashinda ni kile kilichokuwa mbele ya macho.

Na simu? Hapa habari si nzuri sana. Programu ya YouTube iliyomo katika simu haiguswi na skripti kabisa, kwa sababu si ukurasa wa kivinjari. Chrome ya simu za Android nayo haikubali viendelezi. Firefox ya Android inavikubali, Tampermonkey na Violentmonkey zikiwemo, na YouTube ikifunguliwa humo huja kwa anwani ya `m.youtube.com`, ambayo majina ya vipengele vyake huanza na `ytm-` badala ya `ytd-`. Maana yake ni kwamba skripti hii haitafanya kazi huko kama ilivyo; utahitaji `@match` yake na orodha yake ya majina, iliyotafutwa upya kwa njia ile ile. Sisi tuliamua somo lisikilizwe sebuleni kwa kompyuta, basi.

Limebaki suala la uchakavu. Majina haya ni ya YouTube, si yetu, nao huyabadilisha wanapotaka bila ya kumwarifu mtu. Siku moja utafungua ukurasa ukute rafu mpya ya Shorts imejitokeza katika majibu ya utafutaji, au mapendekezo ya mwisho wa video yamevaa umbo jingine. Skripti haitavunjika wala haitaharibu kitu. Jina lisilopatikana katika ukurasa hupuuzwa tu, na mengine yanaendelea kufichwa. Kazi yako ni kubonyeza kitufe cha kulia juu ya kilichojitokeza, kuchagua `Inspect`, kupanda mti mpaka kipakwe rangi chote na si zaidi, kulihesabu jina lake katika `Console`, na kuliongeza katika orodha pamoja na mkato wake. Kwetu mara ya mwisho ilichukua dakika tano, na aliyeifanya ni binti yetu, huku wadogo zake wakimhimiza afanye haraka kwa kuwa mwalimu alikuwa amesimama katikati ya hukumu za nuni sakina.